Hisa ya Nairobi imepanda lakini dola zimepunguka: namna ya kuhesabu faida ya hisa za inchi ingine

Kongo haina soko lake la hisa, ile ambayo wengi hapa wanaiita bursi. Mtu wa Butembo, Bunia ao Lubumbashi anayetaka kununua hisa, ao aksio, analazimika kutazama nje. Kwa watu wa Mashariki, fasi ya karibu ni Nairobi. Huko ndiko zinauzwa hisa za Equity Group, ambayo ni mwenye Equity BCDC, na hisa za KCB, ambayo tangu mwisho wa 2022 inashika sehemu kubwa ya benki TMB. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa anaweka makuta yake kila juma katika benki ambayo wenyewe wako kwenye bursi ya Nairobi, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuwaza kununua kipande chake.

Wale wanaonunua wanakutana na jambo moja ambalo karatasi ya wakala wa hisa haisemi. Hisa ya Nairobi inanunuliwa na kuuzwa kwa shilingi ya Kenya. Mwenye kununua kutoka Kongo ametoa dola, na siku moja atataka dola yake irudi. Katikati ya ile siku ya kutoa na ile siku ya kurudisha, shilingi haikai fasi moja. Njo pale faida inaweza kuonekana kwenye karatasi na isionekane mkononi.

Elfu moja ya mama wa vitenge

Chukua mfano wa mama mmoja wa Butembo anayeuza vitenge, na mtoto wa dada yake anaishi Nairobi. Mama ni wa mfano tu, na bei za hisa yake ni za mfano pia, lakini viwango vya shilingi vilivyo hapa ni vile vilivyokuwa kweli sokoni, vimekatwa tu kidogo ili hesabu isichoshe.

Mwisho wa Desemba 2022, dola 1 ilikuwa inabadilishwa kwa shilingi karibu 123. Mama alitoa dola 1,000, zikawa shilingi 123,000. Hisa aliyoichagua ilikuwa na bei ya shilingi 41, kwa hiyo alipata hisa 3,000. Mwezi wa sita 2023 kampuni iligawa faida yake kwa wenye hisa, na baada ya kodi mama alipata shilingi 2 kwa kila hisa, maana yake shilingi 6,000. Mwisho wa Januari 2024 alikuwa anataka makuta ya kuagiza mzigo mupya, akamwambia kijana auze yote. Bei ilikuwa imefika shilingi 45.10. Hisa 3,000 zikaleta shilingi 135,300.

Kijana alifurahi, na kwa upande wake alikuwa na haki. Hisa ilikuwa imepanda asilimia 10. Ukiongeza na gawio, ile 123,000 ilikuwa imekuwa 141,300, ni kusema faida ya karibu asilimia 15 kwa mwaka mmoja na mwezi mmoja.

«Mama mudogo, umekula faida,» akamwambia kwa simu.

«Faida gani, mtoto yangu? Nilituma elfu moja. Umenirudishia mia munane na makumi munane na munane. Ingine iko wapi?»

Hakuna mtu aliyeiba. Siku ile ya kuuza, dola 1 ilikuwa inaomba shilingi karibu 160. Shilingi 135,300 ukizigawa kwa 160 unapata dola 845 na senti kidogo. Gawio la mwezi wa sita kijana alikuwa ameligeuza dola siku ileile lilipoingia, wakati dola ilikuwa shilingi 140, likaleta dola karibu 43. Jumla ni 888. Mama amepoteza dola 112 juu ya hisa iliyopanda bei.

Njia ya mkato inayodanganya

Watu wengi wakifika hapa wanafanya hesabu ya haraka. Wanasema: hisa imepanda asilimia 10, dola imetoka 123 ikafika 160, hiyo ni asilimia 30, basi 10 kutoa 30, hasara ni asilimia 20. Lakini tukiacha gawio pembeni, mama ametoka 1,000 akafika 845, hasara ni kidogo zaidi ya asilimia 15. Ile hesabu ya haraka imemwongezea kilio.

Kosa la kwanza ni kuchanganya dola na shilingi. Ni kweli dola ilipanda asilimia 30, kwa sababu 37 juu ya 123 ni 30. Lakini mama hakuwa ameshika dola, alikuwa ameshika shilingi. Na shilingi haikushuka asilimia 30. Mwanzoni shilingi 160 zilikuwa zinanunua dola 1 na senti 30. Mwishoni zinanunua dola 1. Imepotea senti 30 juu ya 130, hiyo ni asilimia 23. Kupanda kwa moja na kushuka kwa ingine si namba moja, na kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa ndivyo namba hizo mbili zinavyoachana.

Kosa la pili ni lile la kujumlisha na kutoa. Hata ukitumia ile 23 ya kweli, 10 kutoa 23 ni hasara ya 13, na bado si 15. Hizo mbili zinazobaki zimeenda wapi? Zimeenda ndani ya faida yenyewe. Shilingi ilipoanguka haikupunguza tu zile shilingi 123,000 za kwanza. Ilipunguza pia zile 12,300 ambazo hisa ilizalisha. Faida nayo ilikuwa ya shilingi, ikaanguka pamoja na mama yake. Ndiyo maana mambo haya yanazidishwa, hayajumlishwi:

```
matokeo = (bei ya kuuza ÷ bei ya kununua) × (kiwango cha kwanza ÷ kiwango cha mwisho)
matokeo = (45.10 ÷ 41) × (123 ÷ 160) = 0.8456
```

Kila dola 1 iliyotoka imerudi senti 84 na nusu. Kiwango hapa ni shilingi ngapi kwa dola 1. Ukiona jibu liko chini ya 1, umepoteza. Likiwa juu ya 1, umepata.

Kwa mtu asiyependa kanuni, kuna njia rahisi zaidi, na pengine ndiyo bora. Geuza bei ya hisa moja iwe dola tangu siku ya kwanza, uandike kwenye kaye. Hisa ya mama ilikuwa shilingi 41 na dola ilikuwa 123, kwa hiyo hisa moja ilimgharimu senti 33 na kidogo. Siku ya kuuza, 45.10 gawanya kwa 160, ni senti 28. Kitu alichonunua senti 33 amekiuza senti 28. Hapo hakuna asilimia, hakuna bursi, ni hesabu ya nyanya sokoni.

Njia hiyo inamwonyesha tena jambo lingine: ilipaswa bei ifike wapi ili asipoteze? Senti 33 na kidogo mara 160 ni shilingi 53 na senti. Hisa ilihitaji kutoka 41 kufika 53 ili mama arudishe tu elfu yake, bila hata dola moja ya faida. Kama angekuwa na ile 53 kwenye kaye, simu ya kijana isingemshangaza.

Gawio lina siku yake

Kuna watu wanaohesabu gawio kwa kiwango cha siku ya kuuza hisa. Si sawa, isipokuwa kama kweli gawio lilikaa kwenye akaunti ya shilingi mpaka siku ile. Zile shilingi 6,000 za mama zilitoka kwa 140 na zikawa dola 43. Kama kijana angezilaza mpaka Januari, zingebadilishwa kwa 160 na kuwa dola 37 na nusu. Tofauti ni kama dola 5, si kitu cha kukosesha usingizi kwa elfu moja, lakini kwa mtu mwenye hisa nyingi anayepokea gawio kila mwaka, inajikusanya.

Kanuni yake ni fupi: kila shilingi inahesabiwa kwa kiwango cha siku ile iligeuka kuwa dola, na kama haijageuka, kwa kiwango cha leo. Kwa hiyo kaye ya mwenye hisa inahitaji tarehe, kiasi cha shilingi na kiwango, kila mara makuta inapoingia ao inapotoka.

Na kiwango kinachoandikwa si kile kinachosomwa kwenye redio ao kwenye ukurasa wa Benki Kuu. Ni kile ulichopewa kweli. Benki na kambiste wa barabarani wote wana bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na katikati ndipo wanapokula. Kama kiwango cha kati ni 123, unaweza kupewa 121 na nusu unapoleta dola, na wakati wa kurudi kiwango cha kati ni 160 wewe unaombwa 162. Kila upande umeacha zaidi ya asilimia 1. Wakala wa hisa naye anakata chake ukinunua na anakata tena ukiuza. Hesabu ya mama hapa juu haikutia hizo gharama. Kwa kweli asingefikisha hata 888.

Miezi miwili baadaye

Sasa kuna upande ambao wenye kupoteza hawapendi kusikia. Wakati mama anauza, shilingi ilikuwa chini kabisa, na kulikuwa na sababu inayojulikana. Kenya ilikuwa na deni la dola milioni 2,000 la kulipa mwezi wa sita 2024, na wengi sokoni walikuwa na wasiwasi kama italipa. Mwenye dola alikuwa anazifungia. Mwezi wa pili Kenya ikapata mkopo mupya wa dola milioni 1,500 kwenye masoko ya nje na kuanza kununua lile deni la zamani kabla ya siku yake. Benki Kuu yao nayo ilikuwa imepandisha riba yake mpaka asilimia 13. Woga ukaisha, dola zikatoka zilikofichwa. Mwisho wa Machi dola 1 ilikuwa shilingi karibu 132.

Tuseme mama angengoja miezi ile miwili na hisa isitikisike hata kidogo, ibaki 45.10. Shilingi zake 135,300 kwa kiwango cha 132 ni dola 1,025. Ongeza 43 za gawio, ni 1,068. Hisa ni ileile, bei ni ileile, kampuni haikufanya lolote, na hasara ya asilimia 11 imegeuka faida ya karibu 7. Na mtu aliyeingia Nairobi na dola zake mwisho wa Januari, akanunua na kuuza kwa bei ileile mwisho wa Machi, alipata asilimia 21 kwa shilingi peke yake.

Hii haimaanishi kwamba mama alikosea kuuza. Mwezi wa kwanza hakuna aliyejua kama mkopo ule ungepatikana, na mzigo wa vitenge haungoji. Inaonyesha tu kwamba alikuwa ameshika vitu viwili kwa wakati mmoja, hisa na shilingi, na yeye alikuwa anafuata habari za hisa tu.

Vitu hivyo viwili mara nyingi havitembei mbalimbali. Mfano wa mama ulikuwa mwepesi kwake, kwa sababu hisa yake ilipanda. Kwa kweli mwaka 2023 bursi ya Nairobi kwa jumla, ukiipima kwa kipimo chao kinachoitwa NASI, ilishuka zaidi ya robo kwa shilingi. Shilingi nayo ilikuwa inaanguka kutoka 123 mpaka karibu 157 mwisho wa mwaka. Ukizidisha hayo mawili, mwenye kuhesabu kwa dola alipoteza karibu asilimia 43. Sababu ni moja kwa pande zote: mwekezaji wa ng'ambo anayeogopa anauza hisa, hapo bei inashuka, kisha zile shilingi alizopata anazigeuza dola ili aende, hapo shilingi inashuka. Mwaka 2024 mambo yakageuka, NASI ikapanda karibu theluthi kwa shilingi, na shilingi yenyewe ikawa imepata nguvu mpaka karibu 129. Aliyekaa mwaka wote alipata kwa dola zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo usitegemee kwamba hisa itapanda ili kulipa anguko la shilingi. Pengine inafanya hivyo, hasa kwa kampuni inayouza nje na kuingiza dola, lakini siku ya woga zote zinashuka ngazi moja.

Na kwa franga?

Mpaka hapa hesabu imekuwa ya dola, kwa sababu mama alitoa dola na wenye kuweka akiba hapa kwetu wengi wanaiweka kwa dola. Lakini franga ndiyo makuta ya inchi. Mwalimu anayelipwa kwa franga akinunua hisa ileile, atapata jibu gani?

Franga haina haja ya kukutana na shilingi moja kwa moja. Inapitia dola. Mwisho wa 2022 dola 1 ilikuwa karibu franga 2,000, kwa hiyo elfu moja ya mama ilikuwa milioni 2. Mwisho wa Januari 2024 dola ilikuwa imefika karibu franga 2,700. Zile dola 888 zilizomliza mama ni franga karibu milioni 2 na laki 4. Faida ya asilimia 20!

Hisa ni moja, siku ni zilezile. Kijana wa Nairobi anaona faida ya 15, mama wa Butembo anaona hasara ya 11, mwalimu anaona faida ya 20. Wote watatu wamehesabu vizuri. Shilingi ilianguka mbele ya dola, na franga ikaanguka zaidi ya shilingi.

Ila mwalimu asikimbilie kununua mbuzi. Katika mwaka 2023 bei za vitu Kongo zilipanda zaidi ya asilimia 20 kwa hesabu za serikali zenyewe, na sehemu kubwa ya vitu vinavyouzwa ku soko, kuanzia mafuta ya gari mpaka mchele wa ng'ambo, bei yake inafuata dola. Franga zake zimeongezeka, lakini mfuko wa mchele nao umeongezeka. Kwa swali la mtu aliyewekeza ili mwaka ujao alipe karo iliyoandikwa kwa franga, jibu la asilimia 20 lina maana yote. Kwa mtu ambaye karo, kodi ya nyumba na mzigo wa duka vyote vinaombwa kwa dola, kama ilivyo kwa wengi mijini, ile 20 ni ya karatasi tu, na hesabu ya kumwambia ukweli ni ile ya mama.

Njia ya kujua uko upande gani ni kuuliza makuta itatumika kulipa nini siku itakaporudi. Feza inayoandikwa kwenye ile bili, ndiyo ya kupimia. Ichaguliwe kabla ya kununua, iandikwe juu ya kaye, kwa sababu mtu anayechagua baada ya kuuza atachagua ile inayompendeza.

Karatasi ya wakala wa Nairobi itaendelea kuonyesha asilimia kwa shilingi, kwa sababu kazi yake ni ya shilingi. Mama alimwomba kijana amtumie karatasi zote mbili, ya kununua na ya kuuza, pamoja na ile ya gawio. Akaongeza kwa biro yake nguzo moja pembeni: kiwango cha kila siku, na dola. Hisa aliyonunua baadaye, mwezi wa nne 2024, dola ikiwa shilingi karibu 130, aliiandika kwa senti tangu mwanzo, na chini yake akaandika bei ambayo hisa lazima ifike kama dola itarudi 160.

Kijana alipoona ile bei alisema ni mbali sana.

«Ndiyo maana nimeiandika,» mama akajibu.